Ankara ya Kweli, Akaunti ya Uongo

Kati ya mwaka 2013 na 2015, Google na Facebook zililipa zaidi ya dola milioni 120 kwa mtu ambaye hakuwahi kuziuzia hata waya. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alisajili kampuni nchini Latvia kwa jina lilelile la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya kompyuta na ambayo kweli ilikuwa ikifanya biashara na wakubwa hao wawili. Akafungua akaunti Latvia na Cyprus kwa jina hilohilo. Kisha zikaanza kutumwa barua pepe zilizoonekana kutoka kwa mzabuni halisi, zikielekeza malipo yaende kwenye akaunti hizo mpya. Mabenki nayo yalipewa ankara, mikataba na barua zenye sahihi na mihuri ya kughushi, ili miamala mikubwa namna hiyo isitiliwe shaka. Mwaka 2019 Rimasauskas alikiri kosa mbele ya mahakama ya New York, na Desemba ya mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Jina lililokuwa kwenye ankara lilikuwa ndilo jina la mwenye akaunti, herufi kwa herufi. Mtu ambaye angeketi na kulinganisha karatasi za mwizi zenyewe kwa zenyewe angeridhika. Kilichotofautiana kilikuwa mahali: kampuni ya Taiwan iliyozoea kulipwa kwingine sasa inataka hela zake ziende Latvia. Tofauti hiyo haionekani kwenye ankara yoyote mpya. Inaonekana tu kwa anayefungua jalada la zamani na kuliweka kando ya jipya.

Ofisi nyingi za malipo huteleza hapo, hata zile zenye wahasibu hodari. Kila mhasibu aliyefundwa vizuri anajua kulinganisha karatasi tatu kabla ya kulipa: oda ya ununuzi, ambayo wengi huiita LPO, hati ya kupokea mali kutoka stoo, na ankara ya mzabuni. Kilichoagizwa kiwe ndicho kilichoingia, na kilichoingia kiwe ndicho kinachodaiwa, kwa bei ileile. Ukaguzi huo humnasa mzabuni anayeleta magunia tisini na kudai mia. Lakini haugusi akaunti hata kidogo. LPO kwa kawaida haitaji akaunti ya mzabuni, na hati ya stoo haina habari nayo kabisa. Namba iko kwenye ankara peke yake, chini, kwa maandishi madogo.

Kwa hiyo anayebadilisha mstari huo mmoja tu hupita bila kuguswa. Bei ni sahihi, mzigo umefika kweli, deni ni halali, na mkuu wa idara amesaini kwa haki kabisa. Kilichokosewa ni mpokeaji.

Mara nyingi kazi hii huanza kwa kuingiliwa kwa sanduku la barua pepe, liwe la mzabuni au la mnunuzi. Mwizi hana haraka. Anasoma mawasiliano, anajifunza nani humwita nani "bosi" na nani "dada", anajua LPO namba ngapi inasubiri mzigo, kisha anaingia katikati ya mazungumzo yaleyale siku ankara kubwa inapotumwa. Kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliripoti hasara ya karibu dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 kutokana na utapeli wa barua pepe za kibiashara, ambao ubadilishaji wa akaunti ni sehemu yake kubwa. Mashirika ya misaada hayajasalimika. Mwaka 2017 tawi la Marekani la Save the Children lilipoteza karibu dola milioni 1 baada ya barua pepe ya mfanyakazi wake kuingiliwa. Ankara na karatasi za uongo zilieleza ununuzi wa paneli za sola kwa ajili ya vituo vya afya Pakistan, nchi ambayo shirika hilo limefanya kazi kwa miongo kadhaa. Hela zilikwenda Japani. Bima ndiyo iliyorudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Namna ya kuigundua tofauti mapema huonekana vizuri zaidi ikifuatwa kwenye meza moja. Huu ni mfano wa kubuni, lakini kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi hii.

Hospitali ya misheni katika Nyanda za Juu Kusini imenunua mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa vya upasuaji kutoka kampuni ya Nairobi, kwa dola 18,400. Mashine imefika, fundi ameifunga, na mganga mkuu anataka mzabuni alipwe kabla ya Ijumaa. Mhasibu ana karatasi tano. Ya kwanza ni fomu ya usajili wa mzabuni ya Machi 2023, iliyoambatanishwa na barua ya benki ya mzabuni. Ya pili ni kumbukumbu ya malipo ya vipuri ya mwaka uliopita, pamoja na risiti ambayo mzabuni aliitoa kukiri kupokea. Ya tatu ni profoma ya Januari. Ya nne ni ankara yenyewe. Ya tano ni barua iliyokuja pamoja na ankara, inayosema kwamba akaunti ya zamani "iko kwenye ukaguzi" na kwamba malipo yote sasa yaelekezwe kwingine.

Mhasibu anachukua karatasi tupu na kuchora jedwali. Kila hati inapata mstari wake, na anaandika mambo yaleyale kwa kila moja: jina la mwenye akaunti kama lilivyoandikwa, benki na tawi, namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT, na sarafu. Kisha anaongeza safu mbili ambazo wengi huziruka: tarehe ya hati, na njia iliyoileta ofisini. Ililetwa kwa mkono? Ilikuja kwa barua pepe? Kutoka anwani ipi?

Fomu ya 2023 na malipo ya mwaka uliopita zinakubaliana: akaunti ya dola inayoishia 8471, benki ya Nairobi. Profoma inasema 8417. Benki ni ileile, tawi ni lilelile, na tarakimu nyingine zote zinalingana. Ankara ina namba tofauti kabisa. Msimbo wake wa SWIFT una herufi GB katikati, na jina la mpokeaji, ambalo kwenye fomu ni "Enterprises Limited", sasa limeandikwa "Enterprise Ltd".

Herufi hizo za katikati zina mengi ya kusema kwa anayezijua. Msimbo wa SWIFT una herufi 8 au 11. Nne za mwanzo ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi, mbili baada yake ni za mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni za tawi. CORUTZTZ ni CRDB ya Tanzania. KCBLKENX ni KCB ya Kenya. Mtu akitazama herufi ya tano na ya sita tu anajua hela zinaelekea nchi gani, hata kama ankara imepambwa na jina la mtaa wa Nairobi. Mzabuni wa Kenya mwenye GB kwenye msimbo anataka kulipwa Uingereza. Si uhalifu, ila ni swali.

Tofauti mbili zimejitokeza mezani, na hazifanani tabia. Ile ya profoma, 71 iliyogeuka 17, ni kosa la kawaida la mkono: tarakimu mbili jirani zimepishana wakati mtu akinakili. Watu wengi huandaa profoma kwa kufungua ya zamani na kuandika juu yake, na makosa ya namna hii huweza kukaa humo kwa miaka. Tofauti ya ankara ni ya aina nyingine. Benki, nchi na namba vimebadilika kwa pamoja, na barua ya kueleza imekuja siku hiyohiyo. Kwa kawaida kosa la mkono hugusa kidogo, na wizi hubadilisha kila kinachohusu njia ya fedha lakini huacha bei, LPO na maelezo ya bidhaa vilevile.

Hata hivyo, hiyo si sheria ya kumwachia mtu asamehe tofauti kwa macho. Hakuna kinachomzuia mwizi kufungua akaunti kwenye benki ileile ya mzabuni. Na tarakimu mbili zilizopishana, hata zikiwa hazina nia mbaya, zinaweza kuzipeleka dola 18,400 kwa mtu asiyehusika, ambaye huenda asiwe na haraka ya kuzirudisha. Tofauti zote mbili zinapaswa kuulizwa.

Safu ya mwisho ya jedwali, ile ya njia, inatoa kitu kizito zaidi. Ankara na barua ya mabadiliko zimekuja pamoja, katika ujumbe mmoja, kutoka anwani ambayo ikisomwa polepole inaonekana kukosa herufi moja. Zinakubaliana kikamilifu, nazo zinakubaliana kwa sababu zina mwandishi mmoja. Mashahidi watatu waliofundishwa maneno na mtu mmoja huhesabiwa kuwa shahidi mmoja. Ndiyo maana kuuliza "karatasi ngapi zinafanana?" hakutoshi. Swali lenye uzito ni hili: karatasi ngapi zinazofanana zimetoka kwenye vyanzo tofauti, na angalau moja ilikuwepo kabla ya ankara hii kuandikwa?

Kwa kipimo hicho, karatasi yenye nguvu kuliko zote mezani ni kumbukumbu ya malipo ya mwaka uliopita. Akaunti ile ilipokea fedha, na mzabuni akakiri kwa risiti yake mwenyewe. Fomu ya usajili inafuata. Barua ya benki inayokuja na ombi la mabadiliko iko chini kabisa, japo ndiyo yenye muhuri unaong'aa. Kichwa cha barua cha benki yoyote kinanakiliwa kwa dakika chache, na ofisi nyingi zimeipa barua hiyo heshima isiyostahili kwa sababu tu imepigwa muhuri. Barua kama hiyo huwa ushahidi pale tu ofisi inapoitafuta benki yenyewe, kwa namba iliyoitafuta kwingine, na kuthibitisha kwamba imetoka huko.

Sasa inabaki simu. Mhasibu hapigi namba iliyo kwenye barua mpya. Anapiga ile iliyoandikwa kwenye fomu ya 2023. Na hamsomei mtu wa upande wa pili namba ili aseme ndiyo.

"Habari ya kazi, dada. Napiga kutoka hospitali, kuhusu ankara ya mashine. Naomba unisomee akaunti mnayotaka tulipie, tarakimu moja moja."

Ukimsomea mtu namba ndefu akiwa katikati ya shughuli zake, ataitikia "sawa, sawa" bila kuangalia chochote. Akisoma yeye, analazimika kufungua kumbukumbu zake, na mhasibu anafuata kwa kidole kwenye jedwali. Jibu katika mfano wetu linakuja haraka: tarakimu zile za 8471, benki ileile. Je, mmebadilisha benki? "Hapana, kaka. Hatujabadilisha." Barua ya mabadiliko? Hawaijui. Profoma? Kuna mtu aliandika vibaya, wataomba radhi na kuitoa upya. Mhasibu anaandika kwenye hati ya malipo jina la aliyezungumza naye, namba aliyopiga, saa na tarehe. Ankara inarudishwa, na mzabuni anaambiwa awaite mafundi wakakague barua pepe zake.

Jibu lingeweza kuwa tofauti, na hapo ofisi haipaswi kumfanyia mzabuni mwaminifu kama mhalifu. Kampuni hubadilisha benki kwa kufuata mkopo wenye riba nafuu. Huungana na nyingine. Wengine huuza deni lao: benki inamlipa mzabuni mapema, kisha inataka ankara ilipwe kwake. Katika hali hiyo akaunti ya kwenye ankara itakuwa ya benki na si ya mzabuni, na ni halali kabisa, ila lazima iwepo hati ya kuhamisha deni iliyosainiwa na mzabuni, na mzabuni mwenyewe aithibitishe kwa njia ya zamani. Mabadiliko ya kweli hustahimili kusubiri siku mbili za uthibitisho. Shinikizo la "leo hii kabla ya saa tisa" ni dalili ya kuandikwa kwenye jedwali pamoja na zile nyingine.

Hospitali yenye wazabuni kumi inaweza kufanya haya kwa kalamu. Halmashauri, kiwanda au chuo chenye wazabuni mia nne kinahitaji kompyuta, na kompyuta ina mitego yake. Mkubwa kuliko yote ni Excel kudhani kwamba akaunti ni idadi. Ukiandika 0150 mwanzoni mwa namba kwenye seli ya kawaida, sifuri ya mbele inatoweka. Namba ndefu inageuka kuwa kitu kama 1.5E+12. Ikizidi tarakimu 15, Excel inabadilisha zilizobaki kuwa sifuri, kimya kimya, na kilichopotea hakirudi. Dawa ni kuiweka safu nzima katika mfumo wa maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza.

Mtego wa pili ni kinyume chake: tofauti ambazo si tofauti. Mzabuni mmoja huandika akaunti kwa nafasi kila baada ya tarakimu nne, mwingine kwa vistari. Kompyuta itapiga kelele kwa kila moja, na mhasibu aliyeona kelele mia za bure ataacha kuzisikiliza siku ya mia na moja. Basi kwanza namba zisafishwe, kisha ndipo zilinganishwe. Ikiwa safu B ina namba ya rejista na safu C ina ya ankara, kazi hii inatosha:

```
D2: =SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),"-","")
E2: =SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2," ",""),"-","")
F2: =EXACT(D2,E2)
```

Mstari wa kwanza na wa pili unaondoa nafasi na vistari; wa tatu unajibu TRUE au FALSE. Fomula hii itainasa pia herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri, kosa ambalo jicho la binadamu hulipita. Majina ni magumu zaidi. "Ltd" na "Limited" ni kitu kimoja, lakini "Enterprise" na "Enterprises" zinaweza kuwa kampuni mbili zilizosajiliwa kihalali na watu wawili wasiojuana. Kwa hiyo jina halilinganishwi peke yake. Linakwenda na namba ya usajili wa kampuni na namba ya mlipakodi. Kampuni ya Latvia ya Rimasauskas ingeweza kufaulu mtihani wa jina. Isingeweza kutoa namba ya usajili ya kampuni ya Taiwan ikawa yake.

Rejista hiyohiyo ikishakuwa safi, inaweza kuulizwa swali jingine: je, kuna akaunti inayoonekana mara mbili? Wazabuni wawili wenye majina tofauti na akaunti moja wanastahili kuitwa mezani. Akaunti ya mzabuni inayofanana na akaunti ya mshahara ya mtumishi ni jambo zito zaidi, kwa sababu mwizi huyo hayuko mtandaoni bali yumo ofisini. Na dhidi yake simu kwenye namba ya zamani haisaidii. Mzabuni hewa aliyesajiliwa na mtu wa ndani ana fomu yake, ana barua yake, na ana simu inayopokelewa. Hati zake zote zitalingana tangu siku ya kwanza. Huyo hunaswa wakati wa kusajiliwa, kwa kuangalia kama kampuni ipo kwa msajili, kama ni BRELA kwa Tanzania, na kama ina namba ya mlipakodi iliyo yake. Na hunaswa kwa kuwalinganisha wazabuni na orodha ya mishahara.

Wapo watakaouliza kwa nini benki isifanye kazi hii. Mtu anayetuma hela kwa simu Kenya au Tanzania amezoea kuoneshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na wengi wameokolewa na sekunde hizo. Kwenye malipo ya kibenki, hasa ya kuvuka mipaka, desturi ya miaka mingi imekuwa kuingiza fedha kwa kufuata namba, jina likiwa kama maelezo tu. Hali inabadilika. Mabenki makubwa ya Uingereza yalianza kulinganisha jina na akaunti mwaka 2020, na kuanzia Oktoba 2025 mabenki ya nchi zinazotumia yuro yanatakiwa kumpa mtumaji huduma hiyo bila malipo. Zipo pia namba za IBAN zinazotumika Ulaya na kwingineko, ambazo zina tarakimu mbili za uhakiki baada ya herufi za nchi, zikipatikana kwa hesabu ya kugawanya kwa 97. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Lakini IBAN ya mwizi nayo ni sahihi kihesabu. Uhakiki huo unazuia kosa la mkono, si udanganyifu. Kenya na Tanzania hazitumii IBAN, na hivyo mhasibu wa huku hana hata kinga hiyo kwa wazabuni wa nyumbani.

Kuna hatua moja zaidi ambayo hata ofisi makini huisahau, na Uganda imeilipia gharama kubwa. Septemba 2024, zaidi ya dola milioni 6 za serikali zilizokuwa zilipwe kwa Benki ya Dunia ziliishia kwenye akaunti ya kampuni moja nchini Japani. Benki ya Dunia si mzabuni mgeni wala deni hilo halikuwa la kubuni. Bunge lilihoji, ukaguzi ukafanywa, na mapema mwaka 2025 maofisa wa Wizara ya Fedha walifikishwa mahakamani. Ni juu ya mahakama kuamua nani alifanya nini, ila mashtaka yenyewe yanahusu kubadilishwa kwa taarifa za malipo ndani ya mfumo, karatasi zikiwa zimeshapita.

Katika ofisi nyingi mkurugenzi husaini hati ya malipo ya karatasi. Baada ya hapo mtu mmoja huandaa faili la malipo, liwe la Excel au la mfumo wa benki, na kulipakia. Kinacholipa ni faili hilo, wala si karatasi iliyosainiwa. Kati ya sahihi na kupakia, yeyote mwenye ruhusa ya kufungua faili anaweza kubadilisha tarakimu, na karatasi zote tano kwenye jalada zitabaki safi kabisa. Hivyo ulinganisho wa mwisho unafanyika kwenye skrini ya benki, na mtu wa pili ambaye hakuandaa faili. Anatazama namba zilizopo hapo, si kwenye nakala, na kuzipima na rejista ya wazabuni. Jumla ya fedha kulingana hakutoshi, kwa kuwa kubadilisha akaunti hakugusi jumla.

Mtu huyo wa pili anapaswa pia kuwa na orodha nyingine mkononi: mabadiliko yote yaliyofanywa kwenye rejista tangu malipo yaliyopita. Mifumo mingi ya uhasibu inaweza kuitoa. Orodha hiyo kwa kawaida ni fupi, labda majina matatu au manne, na kila jina liwe na kumbukumbu ya simu iliyopigwa. Jina lisilo na kumbukumbu linatolewa kwenye malipo ya siku hiyo, hata kama ni la mzabuni wa miaka kumi. Na anayeruhusiwa kubadilisha rejista asiwe ndiye anayeandaa malipo. Ofisi yenye wahasibu wawili tu inaweza kuligawa jukumu hilo kwa kumpa mkuu wa taasisi kibali cha kila badiliko la akaunti. Ni dakika tano za kazi yake kwa mwezi.

Malipo yakishatoka, taarifa ya malipo hutumwa kwa mzabuni siku hiyohiyo, kwa anwani na simu za kwenye jalada la zamani, ikitaja kiasi, tarehe na tarakimu nne za mwisho za akaunti. Mzabuni ambaye hela hazijamfikia asipojulishwa hugundua baada ya wiki nne au sita, anapokuja kudai deni, na wakati huo fedha zimeshapitishwa akaunti kadhaa. Akijua siku hiyohiyo, benki ya mlipaji inaweza kuiandikia benki ya mpokeaji izuie fedha zikiwa bado zipo. FBI huwahimiza waathirika wa Marekani kutoa taarifa ndani ya saa 72. Ofisi inayotaka kutumia vizuri saa hizo huwa na simu ya kitengo cha udanganyifu cha benki yake imeandikwa tayari ndani ya jalada la malipo, pamoja na jina la mtu mwenye mamlaka ya kuagiza malipo yarudishwe hata kama ni Jumamosi.